Spiriti, klorini au otoklevu? Jinsi ya kuchagua cha ngozi, cha meza na cha vifaa

Kuna watu kwao dawa ya kuua vijidudu ni moja tu, chupa ikiwepo basi inapakwa mkononi, inafutiwa meza, afu mkasi unazamishwa humohumo na kazi inaendelea. Shida sio kwamba dawa ni mbaya, shida ni kwamba ngozi, meza na mkasi ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina kiwango chake. Sasa badala ya kuanza na majina ya dawa hebu tuchukue kazi moja na tuifuate mwanzo mpaka mwisho: mtu kakatwa na bati kwenye mkono, jeraha la sentimita 4, linatakiwa kushonwa kwenye kliniki ndogo. Kazi hiyo moja inataka vyote vitatu, na ukiielewa hii zingine utajipangia mwenyewe.

Kwanza tuelewane haraka. Antiseptiki ni dawa inayopunguza vijidudu kwenye mwili wa mtu aliye hai, kwa hiyo lazima iwe pole kiasi cha kutounguza ngozi, na kwa sababu ni pole haimalizi kila kitu. Disinfektanti ni ya vitu visivyo hai, meza, sakafu, beseni, inaweza kuwa kali zaidi, inaua bakteria na virusi wengi lakini kwa kawaida spora inaziacha, yaani yale maumbo magumu ambayo baadhi ya bakteria hujifungia ndani mpaka mazingira yawe mazuri. Mdudu wa pepopunda ni mmojawapo wa hao. Kusterilaizi sasa hiyo ni habari nyingine, hapo unaua vyote na spora zikiwemo, hamna nusu wala robo, kifaa ama ni steraili ama sio. Ndo maana ukimsikia mtu anasema "nimesterilaizi mikono" jua anamaanisha amepaka antiseptiki, ngozi haisterilaiziwi, joto la kuua spora litaua na mwenye ngozi.

Hatua ya 1: Jiulize kitu kinagusa wapi

Hili swali lilipangwa vizuri na Mmarekani mmoja, Earle Spaulding, zaidi ya nusu karne iliyopita na mpaka leo hospitali zinalitumia. Kifaa kinachoingia ndani ya mwili, kwenye nyama au damu, lazima kiwe steraili. Kinachogusa utando laini kama mdomoni, au ngozi iliyochubuka, kinahitaji disinfeksheni ya kiwango cha juu, yaani iue kila kitu isipokuwa spora zikiwa nyingi. Kinachogusa ngozi nzima tu, kama mkanda wa kupimia presha, kinatosha kuoshwa na kupitishiwa disinfektanti ya kawaida.

Kwa jeraha letu: kishikio cha sindano, fosepu na mkasi vinaingia kwenye nyama, kwa hiyo steraili. Sindano na uzi vinakuja tayari steraili kwenye pakiti yake, vinatumika mara moja na kutupwa. Meza na trei ya chini ni disinfektanti. Ngozi ya mkono ni antiseptiki. Ona kwamba hatujataja dawa hata moja lakini maamuzi makubwa tayari yameshafanyika.

Hatua ya 2: Ngozi

Hapa watu wanakosea kwa kuchanganya jeraha lenyewe na ngozi inayolizunguka. Jeraha linaoshwa, halipakwi dawa kali. Tumia maji safi ya kunywa au maji ya chumvi ya hospitali, na yawe mengi kweli, kipimo kinachotumika sana ni mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya jeraha, kwa hiyo hili letu ni mililita 200 hadi 400, unayasukuma kwa sirinji kubwa ili uchafu utoke. Maji yakitiririka kwa nguvu yanaondoa mchanga na kutu ambavyo dawa hata ukiimwaga nusu lita isingeviondoa.

Spiriti ndani ya jeraha wazi hapana. Inauma sana na inaua seli ambazo ndo zinatakiwa kufunga jeraha. Haidrojeni peroksaidi ile inayotoa povu nayo watu wanaipenda kwa sababu ya povu, wanaona "dawa inafanya kazi", kumbe povu linatokana na kimeng'enya kilichomo kwenye damu na seli zetu kinachoivunja ile dawa kuwa maji na oksijeni, yaani povu jingi ni dalili kwamba dawa inamalizwa. Na klorini ya kufutia meza isikaribie jeraha kabisa.

Ngozi ya pembeni ndo inapakwa antiseptiki, na mbili zinatosha kuzijua. Ya kwanza povidoni ayodini ya asilimia 10, ile ya rangi ya kahawia. Unaanzia karibu na jeraha unakwenda nje kwa mzunguko, gozi ikishafika nje hairudi katikati, unachukua nyingine. Afu unasubiri ikauke, kama dakika 2. Hapo kwenye kusubiri ndo pana siri yote, kwa sababu ayodini inaachiwa kidogokidogo kutoka kwenye ile povidoni na inahitaji muda kuua, ukiipaka na kuifuta hapohapo ili "uone vizuri" umepaka rangi tu. Muulize mgonjwa kwanza kama ana aleji ya ayodini, na kwa vichanga au mwenye shida ya tezi la shingo usiipake eneo kubwa wala mara kwa mara.

Ya pili ni klorheksidini ya asilimia 2 ndani ya spiriti ya asilimia 70. Hii inapakwa kwa kusugua mbele na nyuma kama sekunde 30 afu inaachwa ikauke, ni nzuri kwa sababu spiriti inaua haraka na klorheksidini inabaki kwenye ngozi inaendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Lakini hii ni ya ngozi nzima, sio ndani ya jeraha, na isiingie machoni wala ndani ya sikio, inaweza kuharibu kabisa. Pia inashika moto, kama kuna kifaa cha umeme cha kuchoma mishipa subiri ikauke kabisa, na isituame chini ya mgonjwa.

Kwa nini spiriti ya 70 na sio ya 95, si kali zaidi? Hapana, maji yaliyomo yanasaidia spiriti ipenye na kuharibu protini za mdudu, ile karibu tupu inakausha juu juu na kupepea mapema. Ukisikia mtu anasifia "spiriti kali haijachanganywa" kwa ajili ya ngozi, mwache na spiriti yake.

Na kuna kopo moja ambalo lipo kwenye kliniki nyingi na mi nalichukia, kopo la pamba zilizolowekwa kwenye dawa asubuhi, kila mtu anaingiza vidole anachukua. Kuna bakteria wanaoishi ndani ya antiseptiki yenyewe, hasa ikishachanganywa na maji na kukaa, wamewahi kukutwa hata kwenye chupa za povidoni ayodini na klorheksidini. Kwa hiyo mimina kiasi unachohitaji kwa mgonjwa huyo, kilichobaki mwaga, na chupa iliyoisha usiiongezee juu ya mabaki. Fungua mpya.

Hatua ya 3: Meza

Jeraha limeshonwa, mgonjwa kaondoka, mezani kuna matone ya damu na maji yaliyomwagika. Wengi hapa wananyunyizia klorini juu ya damu moja kwa moja na kufuta. Damu ina protini nyingi na protini inaila klorini, dawa inaisha nguvu kabla ya kumfikia mdudu aliye chini ya tone. Tena ukinyunyizia kwa presha unarusha matone hewani na wewe unavuta ule mvuke.

Fuata hivi: vaa glovu na aproni, funika damu na taulo la karatasi mpaka inywewe, litupe kwenye taka za maambukizi. Osha kwa maji na sabuni. Ndo sasa pitisha klorini ya asilimia 0.5 kwa kitambaa kilicholowa vizuri, uso ubaki umelowa dakika 10, kisha futa kwa maji safi hasa kama meza ni ya chuma maana klorini inakula chuma. Kama pamekauka baada ya dakika 3, lowesha tena, muda unaohesabika ni ule ambao pako maji. Hii pia ndo sababu spiriti haifai meza kubwa, inapepea kabla haijamaliza kazi, iache kwa vitu vidogo kama sehemu ya kifuani ya stetoskopu.

Kuchanganya klorini sasa, maana hapa hesabu zinawatoka watu. Angalia kwenye lebo asilimia ya klorini uliyonayo, igawe kwa asilimia unayotaka, toa 1, jibu ndo sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Ukiwa na ya asilimia 5 na unataka 0.5: 5 ÷ 0.5 = 10, toa 1 unapata 9. Kikombe kimoja cha mililita 200 cha dawa na vikombe 9 vya maji, umepata lita 2. Ukiwa na ya asilimia 3.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1 unapata 6, kwa hiyo kikombe kimoja kwa vikombe 6. Sasa angalia kinachotokea mtu akikariri "moja kwa tisa" na siku hiyo wameleta chupa ya 3.5: anapata asilimia 0.35, rangi ileile, harufu ileile, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo usikariri uwiano, soma lebo kila chupa mpya ikija.

Changanya mpya kila siku, kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, chenye mfuniko, na uandike juu tarehe na nguvu yake, kwa sababu mwanga na joto vinaivunja. Maji yawe ya baridi. Usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia, inatoa gesi ya sumu, na mkojo nao una amonia, kwa hiyo mkojo mwingi ukimwagika unanyonywa na kuoshwa kwanza kabla ya klorini. Na usiichanganye na sabuni ili "ziwe mbili kwa moja", osha kwanza, dawa baadaye.

Hatua ya 4: Vifaa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu inayoharibika kimyakimya.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba fosepu ikitoka kwa mgonjwa inazamishwa kwenye klorini ya 0.5 dakika 10 kabla ya kuoshwa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 wa kusafisha vifaa tiba linasema usifanye hivyo, na sababu zake ukizisoma zinaeleweka: damu inaidhoofisha dawa, klorini inatoboa chuma vitundu vidogo ambavyo baadaye uchafu unajificha humo, na kubeba vifaa vikiwa ndani ya dawa kunaweza kumhatarisha mhudumu. Badala yake futa damu kubwa palepale kwa gozi iliyolowa maji, weka vifaa kwenye chombo kigumu kilichofunikwa, vibaki na unyevunyevu damu isikauke, vipeleke kuoshwa mapema. Kinachomlinda muoshaji ni glovu nzito, aproni, miwani na viatu vilivyofunikwa, sio lile beseni.

Kuosha: maji ya vuguvugu na sabuni maalumu ya vifaa au sabuni ya maji isiyo na povu jingi. Usianze na maji ya moto sana, damu inagandia kwenye chuma. Fungua mkasi na fosepu kabisa, sugua kwa brashi laini kifaa kikiwa ndani ya maji ili matone yasirukie usoni, na nguvu zako ziende kwenye bawaba na kwenye meno ya kishikio cha sindano. Suuza, kausha, afu kiangalie kwenye mwanga ukifungua na kufunga. Ukiona doa la kahawia kwenye bawaba rudia. Chini ya damu iliyokauka mvuke haufiki, na otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye presha, haioshi, kifaa kichafu kikiingia kinatoka kichafu kilichopikwa.

Funga kwa vitambaa viwili au karatasi maalumu, kifaa kikiwa wazi, sio kimebanwa. Kwenye otoklevu panga pakiti kwa kuzisimamisha zikiwa na nafasi katikati. Bakuli lisikae limetazama juu, lilaze ubavu. Kisa chake ni kwamba hewa ni nzito kuliko mvuke, inashuka chini na kutuama ndani ya bakuli kama maji, na penye hewa joto halifiki inavyotakiwa hata kama geji inaonyesha vizuri. Kwa hiyo pia usifunge tundu la kutolea hewa mapema, acha mvuke utoke kwa mfululizo kwanza.

Vipimo vya otoklevu ya kawaida: digrii 121, presha kama kilopaskali 106 juu ya ile ya hewa, dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa na 20 kwa visivyofungwa. Dakika zinahesabiwa kuanzia joto lilipofika 121, sio kuanzia ulipowasha, na kama joto likishuka katikati unaanza kuhesabu upya. Ukiwa sehemu ya miinuko mirefu amini kipimajoto kuliko geji ya presha, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi na presha ileile ya geji inakupa joto pungufu. Mashine zenye pampu ya kunyonya hewa zinakwenda digrii 134 kwa muda mfupi zaidi, fuata maelekezo ya mashine yako.

Ikiisha, toa presha, fungua mlango kidogo, acha pakiti zikauke mle ndani. Pakiti iliyolowa sio steraili hata kama mzunguko ulikuwa kamili, maji yanatengeneza njia na bakteria wa kwenye vidole vyako wanapita kwenye kitambaa mpaka ndani. Inarudiwa yote, na kitambaa kipya.

Ile tepu yenye mistari inayogeuka nyeusi inakwambia kitu kimoja tu, kwamba pakiti ilipita kwenye joto. Haikwambii joto lilikaa dakika ngapi wala kama lilifika katikati ya pakiti. Ndo maana kuna kikadi cha kuweka ndani ya pakiti kinachosoma joto, muda na mvuke kwa pamoja, na kuna kipimo cha spora zenyewe, kichupa chenye bakteria anaitwa Geobacillus stearothermophilus ambaye anavumilia joto kuliko karibu wote. Unakiweka sehemu ngumu zaidi kufikika, mara moja kwa wiki angalau, afu unakiotesha. Wakiota, mashine inasimama na pakiti za mzunguko ule hazitumiki.

Kama otoklevu hamna

Tanuri la joto kavu linasterilaizi vifaa vya chuma: digrii 170 saa 1, au 160 masaa 2, tena kuanzia lilipofika joto hilo. Vitambaa na plastiki usiweke.

Kuchemsha dakika 20 kunakupa disinfeksheni ya kiwango cha juu, sio steraili. Spora za pepopunda zinaweza kuvumilia maji yanayochemka, na kwenye miinuko maji yanachemka chini ya digrii 100, inapungua kama digrii 1 kila mita 300. Kama ndo njia pekee iliyopo basi vifaa vizame vyote, saa ianze maji yakitokota, na ukidumbukiza kingine katikati anza upya. Lakini kwa kushona jeraha tafuta seti ya kutumia mara moja iliyokuja steraili, au mpeleke mgonjwa penye otoklevu. Kupitisha mkasi kwenye moto wa kiberiti au spiriti usiite kusterilaizi, ncha inapata joto, bawaba haipati, unabaki na masizi.

Glutaraldehaidi ya asilimia 2 ni ya vifaa visivyovumilia joto, kama mipira ya kutazamia ndani ya mwili. Kama dakika 20 inatoa disinfeksheni ya kiwango cha juu, kusterilaizi inataka masaa 10, na baada ya hapo unasuuza kwa maji steraili kwa sababu inaunguza utando wa mwili. Mvuke wake unawasha macho na kifua, chumba kiwe na hewa. Kwa mkasi na fosepu za kushonea sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Na kuhusu kutunza, pakiti steraili haiharibiki kwa sababu ya tarehe peke yake, inaharibiwa na tukio. Imeanguka sakafuni, imelowa, imechanika, kitundu cha pini, mtu kaifungua akachungulia akafunga tena: inarudi kuoshwa, kufungwa upya na kuingia mashineni. Kabla ya kuifungua kwa mgonjwa igeuze pande zote kwenye mwanga, hasa pembe, kwa sababu ncha ya mkasi mara nyingi ndo inayotoboa kitambaa.